Jinsi ya kunakili barua pepe na linki kutoka kwenye picha ya tangazo la kazi

Hapa Dodoma tangazo la kazi mara nyingi humfikia mwombaji likiwa picha: mtu kapiga karatasi ubaoni, akairusha kwenye grupu, wengine wakairusha tena. Anwani ya kutumia maombi imo humo humo, na nukta moja ikipotea bahasha yako haifiki.

Anza kwa kutafuta nakala safi. WhatsApp hubana picha, na nukta ndizo hufifia mapema. Mwombe aliyeipiga aitume upya kama dokumenti, maana kukuza picha iliyofifia hakurudishi kilichopotea.

Kisha igawe anwani kwenye alama ya @. Upande wa kulia huwa na herufi, tarakimu, nukta na kistari cha kati tu. Ukiona kistari cha chini huko, umesoma vibaya. Ukisoma `gotz`, nukta imemezwa, kwa kuwa ofisi za serikali huishia na `.go.tz`, na vyuo `.ac.tz`.

Upande wa kushoto ndio mgumu. Word huigeuza barua pepe kuwa linki na kuipigia mstari chini, na mstari huo hukifunika kistari cha chini. Tuseme picha inaonyesha `nafasi kazi@example.org`, yote imepigiwa mstari. Barua pepe ya kawaida haina nafasi tupu ndani yake, kwa hiyo pana alama pale. Pima upana wa pengo. Likiwa pana kama herufi moja, andika `nafasi_kazi`. Likiwa jembamba, shuku nukta. Kistari cha kati hukaa juu ya mstari, hivyo kingeonekana. Programu ya kusoma maandishi pichani nayo huacha pengo hapo hapo, usiiamini bila kulinganisha na picha.

Anwani ikiishia `gmail.com`, mambo ni mepesi: jina la Gmail halikubali kistari chochote, na nukta zake hazihesabiwi, kwa hiyo `nafasi.kazi` na `nafasikazi` ni sanduku moja. Kwingine usitegemee hivyo.

Linki iliyokatwa mwisho wa mstari ina mtego wake: kistari kilichopo pale huenda kimewekwa na kompyuta kukata neno. Jaribu kuifungua kikiwepo, kisha bila hicho. Baada ya mkwaju, yaani alama ya `/`, herufi kubwa na ndogo zinaweza kutofautishwa, na nukta ya kumaliza sentensi si sehemu ya linki. Kwa ajira za serikali, andika mwenyewe `portal.ajira.go.tz` utafute tangazo humo.

Ukibaki na shaka, piga namba iliyo kwenye tangazo, uwasomee anwani herufi kwa herufi, ukitaja kila nukta na kistari. Halafu tuma ujumbe mfupi bila viambatisho. Ukirudishiwa na Mailer-Daemon, yaani mtambo wa barua pepe, soma sababu: mara nyingi anwani haipo. Usiporudishiwa, bado huenda umemfikia mtu mwingine, kwa hiyo subiri wajibu kabla ya kuambatisha vyeti na nakala ya kitambulisho cha NIDA.