Somo: Fungu la ndugu – kuweka mpaka wa hela na muda bila nafsi kukusuta

Somo hili ni la mwenye mshahara wa kila mwezi ambaye simu huanza kuita tarehe 25. Halikufundishi kuwakimbia ndugu. Linakusaidia kujua kiasi unachoweza kutoa, ukitoe kwa moyo mweupe, na ukikifikia usimame.

1. Jua unachotoa sasa. Fungua taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, uandike kila hela iliyokwenda kwa ndugu pamoja na ada ya kutuma na ile "ya kutolea". Tuseme unapokea 750,000 mkononi, na ndugu walipata 210,000, kisha 165,000, kisha 285,000. Wastani ni 220,000 kwa mwezi.

2. Tenga fungu. Toa kwanza kodi 150,000, chakula 200,000, nauli 80,000, umeme, maji na vocha 50,000, na akiba 100,000. Inabaki 170,000. Hapo ndipo unaona ile 220,000 ilitoka wapi: akiba ililiwa, au mkopo wa simu uliziba pengo. Acha 50,000 kwa dharura zako mwenyewe. Fungu la ndugu ni 120,000: mama 60,000 ya kudumu, 40,000 ya maombi ya mwezi, na 20,000 isiyoguswa, ya kulimbikiza kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Hela yote ya fungu hili iweke kwenye laini nyingine siku ile ile mshahara unapoingia. Ikikaa na hela ya chakula, utaona salio kubwa na ulimi utakuwa mwepesi.

3. Jifunze kujibu. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Neno linaloumiza ni "nikipata nitakutumia". Unalisema ili kukwepa aibu ya dakika moja, lakini mwenzako anahesabu ni ahadi. Wiki ijayo anauliza, unaacha kupokea simu, na kuanzia hapo unajilaumu kwa haki kabisa, kwa sababu uliahidi. Jibu zuri lina salamu, kiasi, tarehe na kikomo:

"Shikamoo mjomba. Nimekusikia. Mwezi huu naweza elfu kumi na tano, nitatuma kesho jioni. Zaidi ya hapo sina."

Kama fungu limekwisha: "Pole sana mjomba. Mwezi huu sina, na sitaki nikuweke kwenye matumaini." Usiongeze maelezo ya ada na kodi. Ukitaja sababu tano, utajibiwa zote tano.

4. Muda nao upe fungu. Chagua siku, kwa mfano Jumapili ya pili ya mwezi, iwe ya kutembelea na kutumwa. Anayekuomba Jumatano umpeleke Kariakoo kununua bidhaa, mwambie, "Shangazi, siku za kazi siwezi. Jumapili ya pili nipo, tutakwenda wote." Mgeni anayekuja kukaa, ulizia tarehe ya kuondoka kabla hajapanda basi. Akishafika na mabegi, swali hilo hilo litasikika kama unamfukuza.

Kinachoharibu mpango. Miezi miwili ya kwanza ya mpango huu maombi huongezeka, watu wanapima kama umemaanisha. Ukikataa mara tatu ukatoa ya nne baada ya kulalamikiwa, umewafundisha kwamba dawa ni kulalamika. Bora utoe mara ya kwanza, au usitoe kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mama anasema, "Nimekusomesha, leo unanihesabia." Nifanyeje?*
Usibishane juu ya malezi, anasema kweli. Mwambie, "Mama, ndiyo maana yako inaingia kila tarehe 28 bila kuomba." Kisha itume tarehe hiyo bila kukosa. Mara nyingi kinachomuumiza mzazi ni kutojua kama atapata. Ukichelewa mwezi mmoja tu, hofu inarudi.

*Ndugu amelazwa na fungu limekwisha.*
Tumia ile 20,000 iliyolimbikizwa. Omba namba ya malipo ya hospitali ulipie moja kwa moja. Ikizidi uwezo wako, ita ndugu wote mchangie, ukitangulia kutaja kiasi chako. Ukisema "nitaona", wote watakusubiri wewe.

*Binamu anataka kukopa 200,000.*
Ulimkopesha akarudisha? Kama hapana, mpe kidogo kutoka kwenye fungu na umwambie wazi hicho si mkopo. Deni lisilolipwa litakufanya umkwepe kwenye kila msiba na harusi.

*Nimekataa vizuri, ila usiku silali.*
Jiulize mambo mawili: kuna ahadi umevunja? Fungu limefika kwa waliopangiwa? Kama umevunja ahadi, mpigie asubuhi, umwombe radhi na kutaja tarehe mpya. Kama hujavunja, unasikia huruma, na huruma haikudai hela. Mpigie kumjulia hali bila kutuma kitu. Simu ya namna hiyo ikizoeleka, naye ataanza kukupigia siku ambazo hana shida.