Unasafiri? Usiiache laini yako kabatini

Wanaokwenda Maskati au Dubai, jambo moja kuhusu WhatsApp. Ukitoa laini ya nyumbani na kutia ya kule, akaunti inaendelea na namba yako ile ile ya +255. Simu ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa tu.

Shida inakuja pale programu inapotaka kukuthibitisha upya. Mama mdogo alipokuwa Maskati aliifuta ili apate nafasi ya picha, kisha akaiweka tena. Ikaomba kodi ya tarakimu 6, na kodi inakwenda kwa meseji kwenye namba ya nyumbani, na laini yenyewe ameiacha kabatini Wete! Ikabidi mwanawe aitie kwenye kisimu cha batani, amsomee kodi kwa simu. Bahati laini ilikuwa hai. Ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwengine.

Kwa hiyo nenda nayo. Kabla ya kupanda ndege uliza kampuni yako ya simu kama rominga, yaani laini kushika mtandao wa nchi nyengine, imewashwa, kisha ukifika zima data ya laini hiyo, uiache ipokee meseji tu. Simu ya laini mbili hapo inasaidia sana.

Pia weka PIN yako mwenyewe ndani ya WhatsApp: Settings, Account, Two-step verification, na barua pepe juu yake. Hapo hata mtu akiipata kodi, bila PIN haingii. Na kodi usimsomee yeyote anayekupigia kuiomba, hata akijitambulisha vipi.