Hisa iliyo karibu na kilele cha wiki 52
Kabla ya kununua hisa kwa sababu tu imepanda sana, gawanya bei yake ya kufunga kwa bei ya juu kabisa ya wiki 52. Hisa iliyotoka 40 hadi 100, kisha ikashuka hadi 80, humvutia anayefuata mwendo wa bei pekee, kwani imepanda maradufu. Uwiano wake, hata hivyo, ni 0.80. Iliyotoka 90 hadi 98, kilele kikiwa 100, ina 0.98, nami ningeichagua hiyo, kwa kuwa wanunuzi wengi husita karibu na kilele hata habari zikiwa njema, na bei huchelewa kuzifuata. Mimi huingia uwiano ukifika 0.95 baada ya soko kufungwa, nikishahakikisha kwamba bei za zamani zimerekebishwa iwapo kila hisa iligawanywa kuwa hisa kadhaa.