Usimtulize anayehema: hesabu ya pumzi na pH ya damu kando ya kitanda

Saa nane usiku aliletwa binti wa miaka 19. Alikuwa amelala chali lakini anahema kama mtu aliyetoka kupandisha kilima akiwa na ndoo kichwani. Nilihesabu pumzi 36 kwa dakika, zote ndefu na za kina. Mapafu yalikuwa safi, na kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni 98%. Mama yake aliuliza, "Dokta, mwanangu ameanza pumu?" Mwenzangu wa zamu yeye aliona ni hofu tu, akaomba diazepamu ya kumtuliza. Nilimwambia angoje kidogo tupime kwanza sukari na gesi za damu. Nitaeleza kwa nini, hatua moja baada ya nyingine, kwa kutumia majibu ya binti huyuhuyu.

Hatua ya 1: Fahamu njia yenyewe

```
CO2 + H2O <-> H2CO3 <-> H+ + HCO3-
```

Kaboni dioksaidi ikikutana na maji huwa asidi ya kaboniki. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya kinachoharakisha kazi hiyo. Asidi yenyewe haikai: huachana mara moja ikawa hidrojeni na bikaboneti. Mishale inaelekea pande zote mbili, na hapo ndipo penye siri. Asidi ngeni ikiingia kwenye damu, bikaboneti huidaka hidrojeni yake, vikawa asidi ya kaboniki, kisha maji na kaboni dioksaidi. Maji yanabaki, gesi inatoka puani. Yaani mwili unaitoa asidi kwa kuhema.

Ila bikaboneti iliyotumika haitengenezwi na mapafu. Kuirudisha ni kazi ya figo, nazo huchukua siku kadhaa. Mapafu hubadilisha mambo kwa dakika.

Hatua ya 2: Piga hesabu, usikariri

Kuna fomula ndefu ya logi, lakini usiku wodini mimi hutumia hii:

```
H+ (nmol/L) = 24 x PaCO2 / HCO3-
```

PaCO2, yaani shinikizo la kaboni dioksaidi kwenye damu ya ateri, iwe kwa mmHg na bikaboneti kwa mmol/L. Kwa mtu mzima wa afya ni 24 × 40 ÷ 24, jibu 40, na hiyo ndiyo pH 7.40; hidrojeni ikipanda, pH hushuka. Shika vituo vichache: 50 ni pH 7.30, 60 ni 7.22, 80 ni 7.10, na 100 ni 7.00.

Majibu ya binti yalikuja: PaCO2 20, bikaboneti 8. Sukari ilikuwa juu sana na ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutoa ukivunja mafuta kwa kukosa insulini, zimejaa kwenye mkojo: ni kisukari. Basi 24 × 20 ÷ 8 ni 60, pH 7.22. Ni asidi, ila bado anajimudu.

Sasa tuseme tumemchoma diazepamu, akatulia, pumzi zikashuka hadi PaCO2 ikarudi 40 "ya kawaida". Bikaboneti ni ileile 8. Hesabu inakuwa 24 × 40 ÷ 8, yaani 120. Hiyo ni pH 6.92, mahali ambapo moyo unaweza kusimama. Hatujamwongezea asidi hata tone. Tumemzuia tu asiitoe.

Mlinganishe na mtu ambaye kweli ana hofu. Naye anaweza kushusha PaCO2 hadi 20, lakini bikaboneti yake ni kama 20 hivi. Jibu ni 24, pH 7.62. Huyo vidole vinamchonyota na midomo inakufa ganzi, kwa sababu damu imeegemea upande wa pili. Pumzi ni zilezile, ugonjwa tofauti kabisa. Ndiyo maana ule mtindo wa kumpa mtu anayehema mfuko wa karatasi apumulie humo siupendi: kwa binti huyu ungekuwa unamrudishia kile anachopigana kukitoa.

Hatua ya 3: Uliza kama mapafu yanafanya kazi ya kutosha

Asidi ikitokana na ketoni au chanzo kingine kisicho cha mapafu, PaCO2 inayotarajiwa ni hii:

```
PaCO2 = (1.5 x HCO3-) + 8, jumlisha au toa 2
```

Kwake ni 12 + 8, yaani 20, nasi tulipata 20. Mapafu yamefikia pale yalipopaswa kufika. Ingekuwa 28, ningesema anaanza kushindwa, ingawa 28 bado iko chini ya kawaida na mashine ingeiandika hivyo. Ingekuwa 13, ningetafuta jambo jingine linalomsukuma kuhema, kama maambukizi makali au kumeza aspirini nyingi.

Angalia pia sampuli yenyewe. Povu la hewa likibaki kwenye bomba la sindano huvuta PaCO2 ikasomeka chini kuliko ilivyo. Damu ikicheleweshwa, chembe huendelea kutoa gesi na PaCO2 ikapanda. Toa povu, peleka mara moja.

Hatua ya 4: Tazama kina, si idadi tu

Hapa wengi huteleza. Katika kila pumzi ya mtu mzima, karibu mililita 150 huishia kwenye koo na mirija, pasipobadilishana gesi. Anayehema mara 30 kwa mililita 200 anavuta lita 6 kwa dakika, lakini zinazofika kwenye vifuko vya mapafu ni 50 × 30, yaani lita 1.5 tu. Anayehema mara 15 kwa mililita 400 naye anavuta lita 6, ila zinazofika ni 3.75. Wa kwanza atalimbikiza kaboni dioksaidi huku chati ikionyesha "anahema haraka".

Kwa hiyo mimi huweka kiganja juu ya kifua kwa dakika nzima. Pumzi za kina za namna hii Adolf Kussmaul alizieleza mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari, na hadi leo zinabeba jina lake. Ukikosa mashine ya gesi, kiganja hicho, saa, glukomita na kipimo cha ketoni vinakufikisha mbali.

Hatua ya 5: Fuatilia vitu viwili kwa pamoja

Tulimpa dripu, tukapima potasiamu, kisha insulini. Insulini ndiyo inayofunga bomba la ketoni. Baada ya saa sita pumzi zilikuwa 24, bikaboneti 14, PaCO2 29. Fomula ya hatua ya 3 inatoa 29, na ile ya hatua ya 2 inatoa karibu 50, pH 7.30. Pumzi zimepungua kwa sababu asidi imepungua.

Kinachotisha ni pumzi kupungua huku bikaboneti ikiwa bado 8. Kifua kinapanda kidogo, mgonjwa anasinzia, ndugu wanafurahi kwamba sasa amelala. Huyo misuli imechoka. Ikibidi awekwe kwenye ventileta, usiiache kwenye pumzi 14 ilivyokuwa kwa mgonjwa aliyetangulia. Mpe pumzi nyingi na za kutosha kukaribia zile alizokuwa akivuta mwenyewe, ukiangalia hewa imalize kutoka kabla nyingine haijaingia, na rudia gesi ndani ya nusu saa. Hata hivyo mashine mara nyingi haimfikii mtu anayehema kwa nguvu zake zote, ndiyo sababu mrija wa ventileta huwa wa mwisho kabisa kwangu.

Alfajiri mama aliuliza tena kuhusu pumu. Nilimwonyesha tarakimu za glukomita, kisha nikamwomba aweke kiganja chake juu ya kifua cha binti. Akahesabu pamoja nami hadi 22.