Meseji za grupu zimefutwa, faili na linki bado zipo: namna ya kuziondoa

Ukibonyeza Clear chat kwenye grupu la WhatsApp, unachofuta ni mazungumzo ya kwenye simu yako peke yake. Wenzako wote bado wanayo, na PDF zilizotumwa wanazifungua kama kawaida. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kwamba hata kila mwanagrupu akifuta kwake, kuna vitu ambavyo havikuwahi kukaa ndani ya meseji. Daftari la Google Sheets liko kwenye Drive ya aliyelitengeneza, majibu ya fomu yako kwenye akaunti yake, na linki ya kujiunga iko kwenye mipangilio ya grupu lenyewe. Meseji ilibeba anwani tu.

Kwa hiyo kazi hii inafanywa kinyume na watu wanavyoifanya: unaanza kuondoa vitu, meseji unazifuta mwisho. Ukitangulia na Clear chat, huna tena meseji ya kushikilia kidole ili uifute kwa wote, na huna pa kuonea linki zipi ziliwahi kupita.

Nitatumia mfano wa kikoba kimoja cha hapa Morogoro kilicholetwa kwangu baada ya kubadilisha katibu. Kwenye grupu lao kulikuwa na PDF ya madeni yenye majina, simu na namba za NIDA, linki ya daftari la michango la Google Sheets, fomu ya Google ya kuomba mkopo ambayo waombaji walipakia picha za vitambulisho, na kura kadhaa, mojawapo ikiuliza kama mwenzao fulani asamehewe faini. Mama mwenyekiti alinipa simu yake akasema, "Mwanangu, mimi nimeshafuta kila kitu, tazama mwenyewe." Kweli ilikuwa nyeupe. Nikamwomba mweka hazina aliyekuja naye afungue ya kwake, akaanza kuperuzi. "Mama, mbona hii ya madeni bado ipo? Na ile kura ya faini hii hapa, majina na yote."

Hatua ya 1: Orodhesha kabla ya kugusa chochote

Tafuta simu ambayo haijafutwa, ikiwezekana ya admin. Gusa jina la grupu juu, kisha Media, links and docs. Hapo kuna sehemu tatu: picha na video, nyaraka, na linki. Chukua karatasi uandike kila kitu chenye taarifa za watu, nani alikituma, lini, na kinakaa wapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayoongoza kazi yote. PDF iliyotumwa moja kwa moja inakaa kwenye simu za watu. Linki inayoanza na docs.google.com au drive.google.com inakaa kwenye akaunti ya mtu mmoja, na huyo ndiye wa kutafutwa.

Kura hazimo kwenye orodha hiyo. Rudi kwenye skrini kuu ya Chats, gusa sehemu ya kutafuta, kisha chagua kichujio cha Polls. Halafu soma maelezo ya grupu, yale yanayokaa chini ya jina. Clear chat haiyagusi kabisa, na makatibu wengi hupenda kubandika linki humo ili isipotee.

Kama simu zote zimeshafutwa, mwenye akaunti ya Google afungue Drive aandike hivi kwenye kisanduku cha kutafutia, akiweka tarehe inayomhusu:

```
owner:me type:spreadsheet after:2025-01-01
```

Kwenye kompyuta, faili lililoshirikishwa lina alama ya watu wawili pembeni ya jina. Hayo ndiyo ya kukagua.

Hatua ya 2: Funga linki za Drive

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote, kwa sababu mtu mmoja anafunga na watu wote wanafungiwa papo hapo, hata kama linki ilitumwa mwaka juzi na ikasambazwa nje ya kikoba.

Mwenye faili alifungue, aguse Share, atazame chini palipoandikwa General access. Likisoma "Anyone with the link", yeyote mwenye linki anaingia, awe mwanachama au mpita njia. Libadilishe liwe Restricted. Usiishie hapo. Juu yake kuna majina ya watu walioongezwa mmoja mmoja kwa barua pepe, na hao hawaondoki kwa kubadilisha General access. Kwenye daftari la kikoba hiki, katibu wa zamani ndiye alikuwa mwenye faili, na humo walikuwemo wawili waliokwisha kujitoa kikundini, wote wakiwa Editor, yaani wanaweza hata kubadilisha tarakimu. Gusa cheo kilicho pembeni ya jina, chagua Remove access.

Watu wengi hapa hukimbilia kulifuta faili badala ya kulifunga. Tatizo ni kwamba faili likiwa kwenye Trash, wale ulioshirikisha wanaendelea kuliona mpaka lifutwe moja kwa moja, na Google huliacha humo siku 30 kabla ya kuliondoa lenyewe. Kwa hiyo funga kwanza kwa Restricted, kisha ndipo ulipeleke Trash, halafu uingie Trash uchague Delete forever. Kama kikundi bado kinalihitaji daftari, likabidhi kwa katibu mpya na uache hivyo hivyo likiwa limefungwa.

Kuhakikisha ni rahisi. Nakili linki ya zamani kutoka kwenye grupu, uifungue kwenye dirisha la Incognito ambako hujaingia na akaunti yoyote. Ukiona ukurasa unaotaka uingie au uombe ruhusa, imefungwa. Ukiona tarakimu, kuna kitu umeruka. Usijaribu kwa akaunti ya mwenye faili. Kwake litafunguka siku zote, na utadhani hujafanya kazi.

Nakala iliyokwisha kuchukuliwa hairudi. Mtu aliyebonyeza Make a copy ana faili lake mwenyewe, na kulifunga la kwako hakumgusi.

Hatua ya 3: Fomu

Fomu ya Google ina sehemu tatu zinazokaa mahali tofauti, na kila moja inafutwa peke yake. Kuna fomu yenyewe na majibu yaliyomo ndani yake. Kuna daftari la Sheets lililounganishwa nayo, kama mtu aliliunganisha. Na pale fomu ilipoomba watu wapakie faili, kuna folda kwenye Drive ya mwenye fomu ambayo jina lake lina maneno File responses.

Anza kwa kuzima Accepting responses ili watu waache kujaza. Kitufe chake kiko kwenye Responses, na kwenye fomu za karibuni utakikuta chini ya Published. Kisha, ukiwa kwenye Responses, gusa vidoti vitatu uchague Delete all responses. Baada ya hapo fungua lile daftari: utakuta majibu yote yamo vile vile, kwa sababu kufuta kwenye fomu hakufuti kwenye daftari. Lifute nalo, kisha nenda kwenye folda. Kwa kikoba hiki, folda ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko yote: picha za vitambulisho, mbele na nyuma, za kila aliyewahi kuomba mkopo, na hakuna kiongozi aliyekumbuka kuwa zipo.

Hatua ya 4: PDF na kura ndani ya grupu

Sasa rudi WhatsApp. Shikilia kidole kwenye meseji, gusa alama ya kufuta, chagua Delete for everyone. Aliyetuma anaweza kufanya hivyo kwa siku mbili na ushei tangu kutuma. Admin naye anaweza kufuta meseji ya mwanagrupu mwingine, na watu wataona maandishi kwamba imefutwa na admin. Kura inafutwa kwa njia hiyo hiyo.

Muda ukishapita, chaguo la Delete for everyone halionekani tena, na hakuna njia ya kuizunguka. PDF ya madeni ya kikoba ilikuwa na miezi, kwa hiyo dawa ilikuwa kumwomba kila mwanachama aifute kwenye simu yake. Ni kazi ya kusumbua, lakini wakiwa kikaoni wote na simu mkononi inaisha haraka.

Kwa kura ya zamani kuna nafuu kidogo. Kila aliyepiga anaweza kuigusa tena ile alama aliyoichagua, na kura yake ikaondoka, pamoja na jina lake kwenye View votes. Wafanye hivyo kabla ya kuifuta kwao, maana ukishaifuta kura kwenye simu yako, huna tena pa kugusa, na jina lako linabaki likisomeka kwa yule ambaye hajafuta.

Kuhusu picha, hata Delete for everyone ikikubali, mwenye iPhone anaweza kubaki nayo kwenye Photos kama simu yake inahifadhi zenyewe. Muulize.

Hatua ya 5: Linki ya grupu

Admin aingie kwenye taarifa za grupu, Invite via link, kisha Reset link. Ile ya zamani inakufa hapo hapo. Maelezo ya grupu yahariri utoe linki zilizomo.

Hatua ya 6: Simu, kompyuta, kisha Clear chat

Kwa wenye Android, fungua programu ya mafaili uende hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Ndani yake mna folda ya Sent, na hiyo ndiyo inayosahaulika, kwa sababu nakala ya ulichotuma wewe inakaa humo. Aliyetumia WhatsApp kwenye kompyuta aangalie folda ya Downloads. Hapa katibu ajiulize pia aliprinti wapi: kama alituma PDF kwenye namba au kompyuta ya steshenari, faili lipo huko mpaka mwenye duka alifute. Mimi mwenyewe nina duka la namna hiyo, na mteja akiomba nafuta akiwa amesimama, bila kumwuliza sababu.

Sasa ndipo Clear chat. Kikija kisanduku cha kuuliza, weka tiki kwenye kufuta media zilizopokelewa, na kwenye starred messages kama uliwahi kuweka nyota. Mwisho ingia Settings, Chats, Chat backup, ubonyeze Back up now. Nakala mpya inakaa mahali pa ile ya zamani kwenye akaunti ya Google. Usipofanya hivyo, siku utakayobadilisha simu kabla nakala mpya haijajitengeneza, utarudishiwa mazungumzo yote, na PDF ya madeni ikiwemo.