Somo: hinti ya gemu la mafumbo ipande ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inaandikwaje

Wadau salama, leo nashusha somo kwa wale wanaotengeneza gemu za mafumbo, iwe Godot iwe Unity haijalishi, maana hapa tunaongelea maandishi zaidi kuliko kodi. Shida ninayoiona kwenye demo nyingi mnazotuma humu ni kwamba fumbo ni zuri, picha safi, alafu plea akikwama anabonyeza taa anapewa sentensi moja tu. Na hiyo sentensi ni ya aina mbili, ama "angalia vizuri chumbani" ambayo haijasema kitu, ama "namba ni 4719" ambayo imemaliza kila kitu.

Kwenye vitendawili tunaishi hivyo hivyo, ukishindwa unatoa mji unapewa jibu, hamna katikati. Pale inafaa kwa sababu kitendawili kina hatua moja. Fumbo la kwenye gemu lina hatua tatu au nne na kila hatua mtu anaweza kukwama kivyake: mmoja hajakiona kitu, mwingine amekiona ila hajui kinahusiana na nini, wa tatu anajua vinahusiana ila hajui afanye nini, wa nne anajua cha kufanya ila anakosea kukitekeleza. Ukiandika hinti moja itamfaa mmoja kati ya hao wanne, waliobaki umewapa pungufu au umewaharibia, na jibu likishasomwa halirudi, mtu hawezi kujisahaulisha.

Wala sio wazo jipya. Kampuni ya Infocom ya Marekani miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa inauza vijitabu vilivyoitwa InvisiClues, swali limeandikwa kawaida ila majibu yamechapwa kwa wino usioonekana, unapitisha kalamu maalumu unafunua mstari wa kwanza, ukitosheka unaacha, usipotosheka unafunua wa pili. Mambo ya leo ya kubonyeza "zaidi" ni kitu kile kile.

Kwanza, vunja fumbo lako

Tutumie fumbo moja mpaka mwisho. Chumba cha babu, kuna sefu, sefu halina namba wala tundu la ufunguo, limeunganishwa na saa ya ukutani iliyosimama. Kwenye meza ya dirishani kuna droo ya chini imekwama, ndani yake barua: "Meli iliondoka saa mbili na nusu usiku, na tangu hapo saa hii sijaijaza." Plea anatakiwa asogeze mishale ya saa mpaka huo muda, na kwa kuwa sura ya saa haihesabu kama sisi tunavyotamka, jibu ni 8:30. Akiweka 2:30 sefu linakaa kimya.

Hatua zake ni tatu: kupata barua, kugundua mishale inasogea, kuweka muda sahihi. Sasa sikia, hinti haziandikwi kwa fumbo zima, zinaandikwa kwa kila hatua, na gemu lenyewe linajua plea yuko hatua ipi kwa sababu linahifadhi alichofanya. Mtu ambaye hajasoma barua ukimwambia "fikiria saa mbili na nusu" umemtajia kitu ambacho hajakiona, umemnyang'anya raha ya kukipata na bado haelewi unaongea nini.

```
{
  "hatua": "weka_muda",
  "sharti": ["barua_imesomwa", "saa_imeguswa"],
  "hinti": ["n1", "n2", "n3", "n4"]
}
```

Gemu linapita hatua kwa mpangilio, ile ya kwanza ambayo haijakamilika na sharti zake zimetimia ndo inayotoa hinti. Basi.

Pili, anza kuandika kutoka mwisho

Ngazi ya mwisho ndo rahisi, iandike kwanza. Iwe amri kamili isiyobakiza swali: "Weka mshale mfupi kati ya 8 na 9, mshale mrefu kwenye 6." Hapa usilete ushairi. Mtu aliyefika ngazi ya nne ameshachoka, ukimpa fumbo lingine ndani ya jibu anafuta gemu. Na angalia, jibu hili ni la hatua hii tu, halisemi ndani ya sefu kuna nini.

Ngazi ya tatu inampa njia bila kumpa jibu. Ujanja ninaoupenda ni kumpa mfano wa karibu ambao sio wenyewe: "Saa moja asubuhi, mshale mfupi huwa umelenga 7. Anzia hapo." Kutoka hapo anahesabu mwenyewe, moja ni 7, mbili ni 8, na sefu likifunguka anahisi amelifungua yeye, na kweli amelifungua yeye.

Ngazi ya pili inaunganisha vitu viwili ambavyo ameshaviona: "Barua imeandikwa kama watu wanavyotamka muda. Sura ya saa ina mazoea yake." Hamna namba hapo, hamna cha kufanya, ila ameshajua tatizo liko kati ya barua na saa, sio kwenye ile picha ya meli aliyoitolea macho dakika kumi.

Ngazi ya kwanza ndo ngumu kuliko zote na ndo wengi wanaichezea. Kazi yake ni kuyageuza macho tu. "Saa imekubali kusogea ila sefu limekaa kimya. Isome barua tena huku unaitazama saa." Linganisha na "fikiria zaidi" au "kuna kitu umekisahau", hizo haziongezi habari yoyote, mtu anabonyeza ya pili papo hapo na sasa ameshazoea kwamba ya kwanza ni takataka, kwa hiyo kwenye kila fumbo atairuka. Kipimo changu ni hiki: baada ya kusoma ngazi hii, je vitu vya kujaribu vimepungua? Kama chumba kina vitu kumi na bado vinabaki kumi, futa uandike upya.

Kwa hatua ya droo hivyo hivyo ila fupi: "Upande wa dirishani hujaumaliza", alafu "Meza ina droo zaidi ya moja", alafu "Droo ya chini imekwama kwa kuvutwa tu", alafu "Isukume kwanza, ikijiachia ivute, chukua barua". Hatua ya mishale mi ningeipa ngazi mbili tu maana hamna cha kueleza sana, na hamna sheria kwamba kila hatua iwe na ngazi nne.

Kosa moja zaidi ambalo watu wanalifanya bila kujua: ngazi ya pili inapingana na ya kwanza, au ukifungua ya pili ya kwanza inapotea. Ziache zote kwenye skrini moja chini ya nyingine, na zisomeke kama mtu mmoja anaendelea kuongea.

Tatu, wape watu watatu wanne wacheze, we kaa kimya

Usimsaidie mtu kwa mdomo, andika tu alifungua ngazi ipi na baada ya hapo alienda kugusa nini. Akisoma ya kwanza akaenda kugusa kitu kisichohusika, maneno yako yanapotosha. Kama wote wanaruka kutoka ya kwanza hadi ya nne bila kujaribu chochote katikati, ngazi za kati ni hewa. Na kama karibu kila mtu anafika ya nne kwenye hatua moja, usiguse hinti, fumbo lenyewe ndo bovu, labda mishale haionekani kama inasogea.

Maswali karibuni.

mpiga_kodi_Tanga: Mkuu somo limeshiba. Swali, mi nataka nile kwenye matangazo, naweka tangazo mtu akitaka hinti. Niweke ngazi ipi?

Jibu: Usiweke kwenye ya kwanza. Mtu akikaa sekunde 30 anaangalia tangazo alafu anaambiwa "upande wa dirishani hujaumaliza" atajiona ametapeliwa, hata kama hinti ni nzuri. Ya kwanza na ya pili bure, tangazo likae kabla ya ya tatu, maana pale anapata kitu kinachoonekana. Ya nne ukishalipisha ya tatu iache wazi, usimtoze mara mbili kwa jam moja. Kuna gemu za Professor Layton zilianza 2007, pale unalipa kwa sarafu unazookota ndani ya gemu lenyewe, kila fumbo lina hinti tatu, baadaye wakaongeza ya nne inayokaribia jibu na bei yake iko juu. Ule mpango ni mzuri ila una shida yake, wachoyo kama mimi tunazitunza sarafu mpaka gemu linaisha na tumekwama kwa ubishi.

Bi_Mkubwa_Gemu: Mwalimu, kwenye gemu langu mafumbo matatu yako wazi kwa wakati mmoja, mtu anaweza kuanza lolote. Taa itajuaje anataka la lipi?

Jibu: Usibahatishe dada. Akibonyeza taa mpe orodha achague, "sefu", "mlango wa uani", "redio". Ila orodha iwe na vitu alivyokwisha kuvigusa tu, kwa sababu orodha yenyewe ni hinti, akiona "redio" wakati hajafungua kabati ameshajua kuna redio. Infocom kwenye karatasi hawakuweza kuficha maswali, wakachanganya maswali ya uongo ya vitu visivyokuwepo kwenye gemu ili usijue lipi la kweli. We una kompyuta, ficha tu.

Kijana wa Eldoret: Na ile ya muda, kwamba ngazi inayofuata isifunguke mpaka dakika kadhaa zipite? Naona gemu nyingi zinafanya.

Jibu: Ndogo inasaidia, nusu dakika hivi, inamlazimisha ajaribu alichosoma. Ukivuka hapo mtu anatoka anaenda kutafuta jibu YouTube, na kule hamna ngazi, anaona fumbo lako lote na matatu yanayofuata. Bora zaidi ya saa ni kitendo, ngazi inayofuata ifunguke akigusa kitu kinachohusika au nusu dakika ikipita, chochote kitakachotangulia.

mama_pacha_Muscat: Samahani, wanangu wamekulia huku, saa wanaisoma kwa Kiingereza tu, na ukiambiwa half past eight ndo hiyo hiyo 8:30. Hilo fumbo la babu watalijuaje? Au hinti ya tatu ndo itawafundisha?

Jibu: Hapana dada, na nashukuru umeuliza. Hinti isiwe mahali pekee panapopatikana habari inayohitajika kulitatua fumbo, asiyefungua hinti atakuwa hana haki yake. Weka kitu chumbani, mfano kadi ya zahanati ukutani imeandikwa "Tunafungua saa moja asubuhi" na pembeni imechorwa saa mshale uko 7. Hapo ngazi ya tatu inabadilika, badala ya kumpa mfano unamwelekeza: "Ile kadi ya zahanati ina maneno na picha. Vinakubaliana vipi?" Na ukitafsiri gemu kwenda Kiingereza barua lazima ibaki inasema "saa mbili" kwa namna fulani, mtafsiri akiandika half past eight fumbo limekufa na hinti zote nne zinaongea na ukuta.

mpiga_kodi_Tanga: Nyongeza kidogo mkuu, akiweka 2:30 si ningempa hinti moja kwa moja bila kubonyeza?

Jibu: Usimpe hinti, mpe dalili. Mlio mdogo ndani ya sefu ambao hausikiki akiweka muda mwingine wowote. Atajua yuko karibu, na akija kubonyeza taa gemu limeshaandika kwamba alijaribu 2:30, kwa hiyo unaruka ile ya kwanza unaanzia ya pili, maana huyo barua na saa ameshaviunganisha mwenyewe.