Somo: Kwa nini linki yenye namba inafunguka shuleni, nyumbani inagoma

Wadau, habari za jioni. Wiki iliyopita mwalimu wa taaluma wa shule moja ninayoihudumia alirusha linki hii kwa wenzake, ili wajazie alama za mitihani wakiwa nyumbani:

```
http://192.168.1.20:8080/alama
```

Mchana, ofisini, ilikuwa inafunguka mara moja. Usiku simu zikaanza kuita: kwa wengi ukurasa unazunguka tu mpaka unakata tamaa, na mmoja akashangaa kuona ukurasa wa kamera za ulinzi za nyumbani kwake. Mfumo ulikuwa mzima.

Hatua ya 1: Soma anwani inaanzaje. Anwani zinazoanza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, zilitengwa kwa matumizi ya ndani. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia kwake bila kuomba, kwa hiyo zinajirudia kila mahali. Ni kama kumwambia mgeni "nipo chumba namba 20" bila kutaja gesti. Simu ya yule mwalimu ilitafuta 192.168.1.20 ya nyumbani kwake, na hapo kweli palikuwa na kifaa: kinasa cha kamera. Ukiona namba hizo kwenye linki, jua mwisho wake ni ruta ya pale ilipotengenezwa.

Hatua ya 2: Tazama namba baada ya nukta pacha. Hiyo ni poti, yaani mlango wa kuingilia kwenye mashine. Linki isiyotaja poti hugonga mlango 80 ikiwa ni http, au 443 ikiwa ni https. Mfumo wetu unasikiliza 8080, kwa hiyo ukiifuta namba hiyo ukidhani ni uchafu, unagonga mlango mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Pima. Zima waifai kwenye simu, washa data, fungua linki. Kisha soma kosa lenyewe, maana kila moja lina habari yake. `ERR_CONNECTION_REFUSED` mara nyingi maana yake mashine imefikiwa lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo. `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` ni ukimya: ama hakuna mashine huko, ama kuna ukuta unaomeza maombi bila kujibu.

Hatua ya 4: Rekebisha. Wengi hukimbilia kufungua poti kwenye ruta. Mimi nilikataa, kwa sababu http haifichi kitu njiani, na hizo ni alama na nywila za watu. Halafu ruta ya shule ilionyesha anwani ya nje inayoanza na 100.72. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani ambazo mtoa huduma hutumia kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo kufungua poti kwenye ruta yako hakusaidii kitu. Tukahamishia mfumo kwenye seva ya kukodi, tukaupa jina la kikoa na cheti cha https, na programu ya Nginx ikapokea kwenye 443 na kupeleka ndani:

```
location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
}
```

Sasa linki ina jina tu, haina namba.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, yangu ni anwani ya nje kabisa, yenye :8080 mwishoni. Kwa data inafunguka, kwa waifai ya kazini haifunguki.

Jibu: Ofisi nyingi huruhusu kutoka kwa 80 na 443 pekee. Kama tovuti nyingine zinafunguka hapo kazini na hiyo inaishia `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`, shuku ukuta wa ofisi kwanza. Ihamishie 443.

Swali: Nilimtumia rafiki `http://localhost:3000`, anasema hakuna kitu.

Jibu: localhost ni "mimi mwenyewe". Kwako ni kompyuta yako, kwake ni yake. Alikuwa anajigongea mlango wake.

Swali: Kaka, mimi niko waifai ileile na seva, bado inakataa. Kwenye seva yenyewe inafunguka vizuri.

Jibu: Kwenye seva ya Linux andika:

```
ss -tln
```

Ukiona `127.0.0.1:8080`, programu inasikiliza maombi ya mashine yake yenyewe tu. Irekebishe isikilize `0.0.0.0:8080`, yaani kwenye anwani zote za mashine hiyo. Ikiwa tayari iko hivyo, angalia ukuta wa seva yenyewe, kisha uulize kama simu yako imeunganishwa waifai ya wageni. Hiyo mara nyingi hutenganishwa na vifaa vya ndani, hata kama ruta ni moja.